Daftari la shukrani kwa dakika kumi kwa wiki: utafiti unaunga mkono nini, na namna ya kuandika bila kujidanganya

Anayeandika kila usiku "nashukuru kwa uhai, afya na familia" hufika mahali mkono unaandika wenyewe huku akili iko kwingine. Sentensi ni ya kweli, lakini haifanyi kazi yoyote tena. Mwongozo huu unahusu zoezi moja tu, lile la kuandika mambo machache mema yaliyotokea na sababu zake, kwa sababu ndilo lililojaribiwa sana na ndilo linaloharibika kwa urahisi. Ndani yake tumeweka pia tafakari fupi ya jambo lililokwenda vibaya, maana daftari la shukrani peke yake huteleza haraka likawa daftari la kujipamba.

Ushahidi una uzito gani

Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitoa matokeo ya majaribio matatu. Katika la kwanza, wanafunzi wa chuo kikuu waligawanywa bila upendeleo katika makundi. Mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, kundi moja liliandika mambo hadi matano ya kushukuru, jingine kero hadi tano, na la tatu matukio ya kawaida ya wiki hiyo. Walioandika shukrani waliyapima maisha yao kuwa mazuri zaidi. Katika jaribio la tatu, watu wenye maradhi ya misuli na mishipa ya fahamu waliandika kila siku kwa siku 21, na wakaeleza kuwa wanalala vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika shukrani.

Hapo ndipo makala nyingi huishia. Swali la maana ni hili: nani alilinganishwa na nani? Ukimwambia mtu akae aorodheshe kero zake, hutegemei ainuke akiwa na furaha. Kwa hiyo pengo kati ya kundi la shukrani na kundi la kero linaweza kutokana na shukrani kupandisha, au kero kushusha, au yote mawili. Katika majaribio yale ya 2003 tofauti zilizojitokeza wazi zaidi zilikuwa dhidi ya kero. Dhidi ya makundi mengine zilipungua, na kwenye baadhi ya vipimo zikatoweka.

Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walijaribu kupitia mtandao zoezi tunalolieleza hapa: kila usiku kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na kwa kila moja andika kwa nini lilitokea. Kundi la ulinganisho liliandika kumbukumbu za utotoni. Wiki ilipokwisha hapakuwa na tofauti ya kutajika. Ilijitokeza baada ya mwezi, na ilikuwapo hata miezi sita baadaye, hasa kwa wale walioendelea kuandika kwa hiari yao. Hilo la mwisho lisomwe kwa uangalifu. Huenda waliendelea kwa sababu zoezi liliwafaa, na huenda liliwafaa kwa sababu waliendelea. Jaribio lile haliwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Kisha mwaka 2012 watafiti wa Kanada wakarudia jaribio hilo, safari hii wakiongeza kundi lililoandika kumbukumbu nzuri za utotoni. Mambo matatu mema hayakulishinda kundi hilo. Maana yake ni kwamba sehemu ya faida inatokana na kukaa tu na kuelekeza fikira kwenye jambo jema kwa dakika chache, wala si lazima liitwe shukrani.

Ukizikusanya tafiti nyingi pamoja, unachopata ni faida ndogo lakini ya kweli. Tuiweke kwa lugha nyepesi. Mchukue mtu mmoja aliyeandika shukrani na mwingine ambaye hakuandika, bila kuchagua. Kama zoezi halina athari yoyote, yule aliyeandika atakuwa na hali bora mara 50 kati ya 100. Kwa ukubwa wa athari unaopatikana kwa kawaida, atakuwa na hali bora mara 56 hivi. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2021, uliounganisha tafiti 27 zenye washiriki 3,675, uliangalia dalili za sonona na wasiwasi. Ulikuta unafuu mdogo, na waandishi wake wakashauri kwamba mwenye matatizo hayo atafute njia nyingine zenye nguvu zaidi. Tunakubaliana nao kabisa. Daftari hili si tiba, na mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi hana hamu ya chochote, hapati usingizi au hawezi kula, anahitaji mtaalamu wa afya.

Faida ndogo hailipi gharama kubwa. Ndiyo sababu tunasema dakika kumi kwa wiki, si nusu saa kila siku.

Kabla ya kuanza

Tafuta daftari la kawaida lenye mistari na kalamu. Simu inafaa pia, mradi usifungue kitu kingine njiani. Kwenye ukurasa wa mwisho andika swali hili: "Kwa wiki hii iliyopita, maisha yangu yalikuwaje, kutoka 0 hadi 10?" Jibu kwa namba moja na tarehe, kisha funga. Fanya hivyo kwa wiki mbili bila kuandika shukrani yoyote. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wiki ya sita hawana cha kulinganisha nacho ila hisia ya kwamba "naona inanisaidia".

Chagua siku moja na saa moja ya wiki. Kuhusu mara ngapi, kuna jaribio la Sonja Lyubomirsky na wenzake lililochapishwa 2005: kwa wiki sita, kundi moja lilihesabu mema mara moja kwa wiki na jingine mara tatu kwa wiki. Waliopata nafuu ni wa mara moja. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba jambo likizoeleka hupoteza ladha. Hilo ni jaribio moja, na kuna tafiti za kila siku zilizoleta matokeo mazuri, kwa hiyo usiichukue kama sheria. Sisi tunapendekeza mara moja kwa sababu nyingine ya wazi: wiki nzima ina matukio ya kutosha kukuwezesha kuchagua, na kuchagua ndiko kunakoliweka zoezi hai.

Ugumu wa mara moja kwa wiki ni kwamba siku ikifika hukumbuki kitu. Dawa yake ni maneno mawili. Jambo likitokea, andika papo hapo kwenye karatasi au simu maneno mawili au matatu ya kukumbushia, kama "ukurasa wa nne" au "kiti cha basi". Usieleze. Maelezo yana siku yake.

Dakika sita za kwanza: jambo jema na sababu yake

Siku ikifika, pitia vikumbusho vyako na uchague jambo moja hadi matatu. Kila jambo lipite vichujio viwili. Kwanza, uweze kusema lilitokea siku gani. Pili, uwe ulihisi kitu lilipotokea, hata kama kidogo. Lisilopita liache, hata kama ni jema kiasi gani.

Ukipata moja tu, andika moja. Usilazimishe kufika tatu. Mwaka 1991 Norbert Schwarz na wenzake waliwaomba watu wakumbuke nyakati walipoonyesha msimamo, wengine nyakati sita, wengine kumi na mbili. Waliotakiwa kukumbuka kumi na mbili walijiona kuwa watu wenye msimamo hafifu kuliko wale wa sita, ingawa walikuwa na mifano mingi zaidi mkononi. Ugumu wa kutafuta uliwaambia kwamba kitu chenyewe ni haba. Jaribio lile halikuhusu shukrani, lakini mtego ni uleule: anayekamua kichwa kutafuta jambo la tano la kushukuru huenda akainuka akiamini kwamba maisha yake hayana mema.

Kwa kila jambo ulilochagua andika sentensi tatu. Ya kwanza inasema kilichotokea, ya pili kwa nini kilitokea, ya tatu ingekuwaje kama kisingetokea. Sentensi ya pili inatoka moja kwa moja kwenye zoezi la 2005. Ya tatu inatoka kwenye majaribio ya 2008, ambapo watu walioandika jinsi jambo jema lingeweza kutotokea kabisa walijisikia vizuri kuliko walioandika tu jinsi lilivyotokea. Tukishalizoea jambo tunaliona kama lilikuwa lazima liwepo. Kulitoa kidogo kwenye hesabu hurudisha ule mshangao wa kwanza.

Tuchukue mfano mmoja tuufanyie kazi. Mtu ameandika: "Nashukuru kwa wenzangu kazini." Jaribu kuipitisha sentensi hiyo kwenye vichujio: siku gani? Hakuna. Ulihisi nini? Haijulikani. Ukimuuliza alikuwa anamfikiria nani, anakumbuka kikumbusho chake cha "ukurasa wa nne", na sentensi ya kwanza inabadilika:

"Alhamisi mchana mwenzangu wa meza ya pili alinipigia simu kuniambia jumla kwenye ukurasa wa nne wa ripoti ni ya mwezi uliopita, saa moja kabla sijaituma."

Sasa sababu. Jaribio lake la kwanza ni "kwa sababu ni mtu mwema". Hiyo haisemi kitu, maana ingeweza kuandikwa juu ya yeyote. Swali la kumsaidia ni: mtu huyu alifanya nini ambacho hakulazimika kukifanya? "Ripoti haikuwa kazi yake. Aliisoma hadi ukurasa wa nne kwa sababu nilimwambia asubuhi kwamba ninaogopa nimeharakisha." Tazama kilichojitokeza. Mwenzake alitoa muda wake, na yeye mwenyewe alifungua mlango kwa kukiri hofu yake. Sababu nzuri mara nyingi huwa na sehemu mbili za namna hii, na hiyo ya pili inafaa kujulikana, kwa kuwa ndiyo unayoweza kuirudia.

Sentensi ya tatu: "Kama asingeisoma, ningeituma ilivyo, na Ijumaa ningekuwa naandika barua ya kusahihisha mbele ya idara nzima." Basi. Sentensi tatu, dakika mbili. Asikuze mambo kwa kuandika kwamba angefukuzwa kazi, kama hakuamini hivyo Alhamisi ile.

Kipimo cha ukweli: hisani au haki?

Hapa ndipo tunapoomba uchukue muda. Kabla ya kufunga kila jambo, jiulize kama ulichopata kilikuwa hisani au kilikuwa haki yako. Mshahara uliocheleweshwa miezi miwili ukalipwa si hisani ya aliyeuchelewesha. Mwenzi ambaye wiki hii hakukutukana hajakupa zawadi. Unaweza kuandika kwamba ulipata nafuu, kwa sababu ni kweli ulipata, lakini iandike kwa jina lake: "Nimepumua, deni la kodi ya nyumba limelipika. Fedha hizi zilikuwa zangu tangu mwanzo." Daftari likijaa shukrani kwa mtu yuleyule anayekuumiza, na sentensi ya "kwa nini" kila mara inasema "leo hakukasirika", kinachoonekana hapo ni hatari. Acha zoezi, zungumza na mtu unayemwamini.

Kipimo cha pili ni hisia zilizochanganyika. Msaada mara nyingi huja na aibu kidogo, au na uzito wa kudaiwa. Yule wa ripoti huenda alishukuru na papo hapo akaona haya kwamba mwenzake ndiye aliyegundua kosa. Aandike yote mawili. Mwaka 2013 watafiti waliwalinganisha wanafunzi wa Marekani na wa Korea Kusini walioandika barua za shukrani, na wale wa Korea Kusini walinufaika kwa kiasi kidogo kuliko wale wa Marekani. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba shukrani huweza kuamsha hisia ya deni. Ukiona kila ukiandika juu ya mtu fulani unaishia kuhesabu unachomdai au anachokudai, mwache mtu huyo, chagua tukio lisilo na mtoaji: mvua iliyokatika ulipokuwa unatoka, maumivu ya mgongo yaliyopungua Jumanne.

Dakika nne za mwisho: jambo lililokwenda vibaya

Sehemu hii si ya lile zoezi la 2005. Tumeiongeza sisi, kwa msingi wa tafiti nyingine kuhusu namna watu wanavyofikiri juu ya machungu yao. Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kuucheua mzigo, yaani kuurudiarudia kwa swali la "kwa nini mimi?", huongeza na kurefusha huzuni. Ethan Kross na Ozlem Ayduk nao walionyesha kwamba mtu akilitazama tukio kwa umbali kidogo, kama anayemwangalia mwingine, huweza kulifikiria bila kuzama ndani yake.

Kwa hiyo jambo baya liandikwe kwa mistari mitatu, na ujiandike kama mtu wa tatu. Mstari wa kwanza ni tukio bila kivumishi: "Jumatatu alimkatiza mwanawe akizungumza, mtoto akaondoka mezani." Wa pili ni kile kilichotangulia: "Alikuwa anajibu ujumbe wa kazi." Wa tatu ni kitendo kimoja chenye siku: "Kesho jioni simu ibaki chumba kingine hadi mazungumzo yaishe." Ukimaliza, weka kalamu chini.

Utajuaje kwamba umevuka kutoka kutafakari hadi kucheua? Kuna dalili tatu zinazoonekana kwa macho kwenye karatasi. Maneno "daima" na "kamwe" yanaanza kujitokeza. Mstari wa tatu haupatikani, au unakuwa "niwe mtu bora". Na tukio lilelile limerudi wiki ya tatu bila neno jipya. Likirudi hivyo, usiliandike tena hapo. Lipeleke kwa mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu daftari limeshindwa nalo.

Shukrani ikihusu mtu aliye hai

Mara moja katika wiki sita, chagua jambo moja ulilokwisha kuliandika na umwambie mhusika. Ujumbe wa sentensi zile tatu unatosha, bila kupambwa. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaomba watu waandike barua za shukrani na wakisie mpokeaji atajisikiaje. Waandishi walidhani wapokeaji wataona haya kuliko ilivyokuwa, na walikadiria chini furaha na mshangao wao. Walihofia maneno hayatakuwa fasaha, wakati wapokeaji walijali zaidi moyo uliokuwamo. Kwa hiyo ule wasiwasi wa "ataniona wa ajabu" unajulikana, na kwa kawaida umezidishwa. Ila usitume kama mhusika ni yule anayekuumiza, tuliyemtaja kwenye kipimo cha hisani na haki.

Baada ya wiki sita

Kila wiki, ukishamaliza kuandika, jibu lile swali la 0 hadi 10 kwenye ukurasa wa mwisho. Wiki ya sita linganisha namba zako na zile mbili za mwanzo, ukijua kwamba namba ya mtu mmoja hupanda na kushuka kwa ugonjwa, malipo na ugomvi kuliko inavyoweza kuguswa na zoezi la athari ndogo. Namba pekee haitakuhukumia. Fungua pia maandishi yenyewe, usome wiki ya kwanza na ya sita mfululizo. Kama sentensi za wiki ya sita bado zina siku, mtu na sababu, zoezi liko hai. Kama zimefupika zikawa "familia, kazi, afya", limezoeleka, na kuongeza idadi hakutalifufua. Pumzika mwezi mmoja, au hamia kwenye mara moja kwa wiki mbili.

Na kama umeandika kwa uaminifu wiki zote sita na huoni tofauti yoyote, acha. Kwa ukubwa wa athari tulioueleza, watu wengi tu watakuwa upande huo, na hawajakosea popote. Dakika kumi hizo zipe kitu kingine ambacho tayari unajua kinakufaa, kama kutembea, kulala mapema au kumpigia mtu simu.